Hii kanuni ya "i kabla ya e" ilitoka wapi hasa?

Kama ulisoma Kiingereza shuleni, iwe Tabora, Machakos au Mbale, basi bila shaka uliwahi kuimbishwa kanuni hii: i huja kabla ya e, isipokuwa baada ya c. Kwa Kiswahili haina ladha yoyote. Kwa Kiingereza inaimbika, kwa sababu majina ya herufi e na c katika lugha hiyo, yaani "ii" na "sii", yana vina. Ndiyo maana mtu anaweza kusahau majedwali yote ya kemia lakini hii akabaki nayo mpaka uzeeni.

Maana yake ni rahisi. Ukikuta neno lenye i na e zikiwa jirani na hujui ipi itangulie, andika "ie", kama katika "believe", kuamini. Lakini zikitanguliwa na c, geuza, andika "ei", kama katika "receive", kupokea.

Hapo mwalimu anashusha pumzi, darasa linaandika. Kisha mwanafunzi mmoja wa nyuma, yule asiyejua kunyamaza, anageuza daftari lake na kusoma jalada: "Science". Kuna c, na baada yake "ie". Mwingine anakumbuka "weird", neno la kusema kitu cha ajabu. Hapa c haipo kabisa, lakini limeandikwa "ei". Tulipofika hapo, jibu tulilopewa sisi lilikuwa kwamba Kiingereza ndivyo kilivyo, endeleeni na zoezi.

Ningeliacha jambo hili lilale huko huko shuleni kama lisingekuwa linaumiza watu wazima. Katika kazi yetu hii ya magazeti nimefanya kazi na mhariri mmoja mkongwe aliyekuwa akipitia barua za vijana wanaoomba nafasi za mafunzo. Akikuta "recieve" katika mstari wa kwanza, hasomi wa pili. Siku moja nikamwambia, "Mzee, lakini huyu kijana ana shahada nzuri na makala zake ni safi." Akanijibu, "Kijana wangu, mtu asiyejua kuandika kupokea, nitampokeaje?" Watu tulicheka, lakini barua ilikwenda kapuni. Herufi mbili zikiwa na uwezo wa kumfungia mtu mlango, ni haki yetu kujua zilipangwa hivyo na nani, na kwa sababu gani.

Nimeifuatilia habari hii, na ninachotaka kusema ni hiki: kanuni yenyewe siyo ya uongo. Imekatwa nusu. Nusu iliyokatwa inahusu sauti, na sisi wasemaji wa Kiswahili tuna dawa yake mdomoni bila kujua.

Tuanzie mwaka 1611, ilipochapwa London ile Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James. Katika Injili ya Yohana, sura ya 1, mstari wa 12, maneno yote mawili yanakutana: kupokea na kuamini. Katika chapa ya mwaka ule, kupokea kumeandikwa kwa "ei": "receiued" (siku hizo u ilisimama pia mahali pa v). Kuamini je? Kumeandikwa "beleeue", kwa e mbili. Hakuna "ie" hata kidogo. Msomaji wa 1611 hakuhitaji wimbo wowote wa kumkumbusha, maana maneno hayo mawili hayakufanana kwa macho, kwa hiyo hakukuwa na cha kuchanganya. Ukichukua toleo la Oxford la 1769 la Biblia ile ile, kuamini kumeshakuwa "believe" kama tunavyoandika leo. Katikati ya miaka hiyo ndipo mkanganyiko ulipozaliwa.

Lakini hiyo "ei" ya kupokea ilitoka wapi? Hapa inabidi turudi nyuma zaidi, mpaka kwenye Kilatini. Kilatini kilikuwa na kitenzi "capere", maana yake kushika. Sisi tukitaka kuzaa vitenzi vipya kutoka kwenye shika tunaongeza viambishi nyuma: shikia, shikana, shikisha. Warumi waliongeza mbele. Wakapata "recipere", kupokea, "decipere", kudanganya, "concipere", kuchukua mimba au kuwaza, na "percipere", kutambua. Ni ndugu wanne wa mama mmoja.

Ndugu hawa waliingia katika Kifaransa cha zamani, na huko irabu yao ya katikati, ilipobeba mkazo, ikageuka kuwa "ei", ikitamkwa karibu na tunavyotamka e na i katika neno letu "bei". Baadaye Wafaransa wa upande wa Paris waliibadilisha tena ikawa "oi", na ndiyo sababu hadi leo Mfaransa akisema anapokea huandika "reçoit". Wanormandi wa kaskazini hawakufuata mabadiliko hayo. Wao walibaki na "ei" yao. Na waliovuka bahari mwaka 1066 na kuitwaa Uingereza, wakawa mabwana wa mahakama, kodi na maandishi kwa muda mrefu, ni hao hao Wanormandi. Kwa hiyo Waingereza walipookota maneno haya wakayaokota na "ei" ya Kinormandi: "receive", "deceive", "conceive", "perceive". Yakafuatana na majina yaliyozaliwa nayo: "deceit", udanganyifu, "conceit", majivuno, na "receipt", risiti.

Sasa hesabu. Vitenzi vinne na majina matatu, jumla saba. Ongeza "ceiling", dari, ambalo lina historia yake pembeni, unapata nane. Ukiacha maneno yanayonyumbuliwa kutoka humo, hao ndio karibu wote wanaotembea chini ya ile nusu maarufu ya "isipokuwa baada ya c". Herufi c haina nguvu yoyote ya kugeuza irabu zinazoifuata. Ni bahati tu kwamba ukoo mmoja wa Kilatini ulikuwa na c mbele ya irabu hiyo, ukaingia na matamshi ya mkoa mmoja wa Ufaransa. Mwalimu alipoitazama c akadhani ndiyo sababu, kumbe ni alama ya ukoo, kama chanjo ya bega.

Na "ie"? Hii nayo ni mgeni kutoka Ufaransa, lakini kwa njia nyingine. Kulikuwa na maneno ya Kifaransa kama "chief", mkuu, yaliyoandikwa kwa "ie". Katika Kifaransa kilichosemwa Uingereza, ile i ilipotea mdomoni, ikabaki e ndefu tu. Maandishi hayakubadilika. Basi makarani wakajifunza kwamba "ie" ni njia mojawapo ya kuandika e ndefu, na polepole wakaanza kuivika hata maneno ya Kiingereza asilia yasiyokuwa na uhusiano wowote na Ufaransa. Mwizi, aliyeandikwa zamani kwa namna kama "theef", akawa "thief". Shamba au uwanja, "feeld", ukawa "field". Na "beleeue" ile ya 1611 ikaishia kuwa "believe".

Kwa hiyo kwa asili tunazungumzia sauti mbili tofauti. "Chief" ilikuwa na e ndefu. "Receive" ilikuwa na sauti iliyoanza na e ikaishia kwenye i. Mtu mwenye masikio angezitofautisha bila shida. Kilichoharibu mambo ni kwamba kati ya karne ya 15 na ya 18 Waingereza walihamisha irabu zao ndefu, moja baada ya nyingine, bila mtu yeyote kutoa amri. E ndefu ilipanda ikawa i ndefu. Ile sauti ya "receive" nayo ilipita njia yake, ikasogea, mwisho wa safari ikafika pale pale. Leo "believe" na "receive" zina vina kamili. Mdomo umeunganisha, kalamu haikuunganisha. Sikio halikuweza tena kumsaidia mwandishi, na hapo ndipo mtu akahitaji wimbo.

Je, hakuna aliyeliona tatizo hili mapema? Aliliona Samuel Johnson, yule mtunzi wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya 1755. Katika utangulizi wake anataja "deceit" na "receipt" kama mfano wa maneno ya ukoo mmoja yasiyoandikwa namna moja. Ile p ya "receipt" waliingiza wasomi waliotaka neno lifanane na Kilatini, na haijawahi kutamkwa, "deceit" wakaisahau. Johnson aliyajua hayo yote, lakini akasema anafuata desturi ya walio wengi. Kamusi yake ikaheshimiwa, watu wakaacha kuandika kila mtu kwa namna yake, na tangu hapo kosa la tahajia likawa kosa kweli.

Wimbo wenyewe unaonekana kitabuni, katika umbo lake fupi, mwaka 1866, ndani ya mwongozo wa tahajia uliohaririwa na James Stuart Laurie, aliyekuwa mkaguzi wa shule. Umewekwa kwenye tanbihi chini ya ukurasa. Huenda walimu walikuwa wakiuimba tangu kabla ya hapo. Angalia tarehe hiyo vizuri. Miaka minne tu nyuma, 1862, serikali ya Uingereza ilikuwa imeweka utaratibu wa kulipa shule ruzuku kulingana na jinsi watoto walivyofanya mbele ya mkaguzi katika kusoma, kuandika na hesabu. Kuandika kulipimwa kwa imla. Mtoto akikosea, shule inapungukiwa fedha. Mwalimu aliye katika hali hiyo hana muda wa kueleza habari za Wanormandi. Anataka kitu kifupi, chenye vina, kitakachokaa kichwani mpaka mkaguzi aondoke.

Na hapo ndipo nusu ya kanuni ilipopotea njiani. Wajuzi wa lugha waliijua nusu hiyo. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, anaisifu kanuni hii kuwa na manufaa, lakini anaeleza kuwa inahusu tu silabi zenye sauti ya i ndefu, na anaonya kwamba "seize", kukamata, ni ukiukaji. Maelezo hayo hayana vina. Darasani kilichopita ni kile chenye vina, na sharti la sauti likabaki vitabuni.

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo ninapotaka uwe makini, ndugu msomaji. Kiswahili kikichukua neno la Kiingereza hakichukui maandishi yake, kinachukua sauti, kisha kinaiandika kama ilivyosikika. Kwa hiyo maneno yetu ya mkopo ni kama kinasa sauti. Tuyapange.

"Receipt" kwetu ni risiti. Ile "ei" imekuwa i moja safi, na p ya wasomi tumeitupa bila kuaga. "Chief" ni chifu. Hapa pia ni i safi, ijapokuwa Waingereza wameandika "ie". "Ceiling" kwa mafundi wetu ni silingi, kama katika silingi bodi, i tena. Haya ndiyo maneno ambayo kanuni inayatawala: sauti ni i moja, na swali ni namna ya kuiandika tu. Risiti na silingi zina c mbele kwa Kiingereza, kwa hiyo "ei". Chifu sauti yake inatanguliwa na "ch", na herufi inayogusa irabu hapo ni h, kwa hiyo "ie". Kanuni inafanya kazi vizuri kabisa.

Sasa sema sayansi. Polepole: sa-ya-nsi. Umesikia i moja? Hukusikia. Umesikia a ikiteleza kwenda y, halafu irabu nyingine. Hiyo ni kwa sababu katika "science" i na e hazishirikiani kuandika sauti moja. Kila moja ina silabi yake: "sai", kisha "ens". Neno linatoka katika Kilatini "scientia", elimu, na humo pia i na e zilikuwa silabi mbili. Kanuni inayouliza namna ya kuandika i ndefu haina la kusema hapa, kama vile sheria ya barabarani isivyo na la kusema juu ya mtumbwi. Yule mwanafunzi wa nyuma aliuliza swali zuri, na jibu lake lilikuwa katika Kiswahili chake mwenyewe.

Kwa kipimo hicho hicho, maneno kama "ancient", la kale, na "efficient", lenye ufanisi, yanajitoa yenyewe. Humo "ci" inasimama kwa sauti ya "sh", na e inafuata kama irabu ya silabi yake. Maneno kama "eight", nane, na "weigh", kupima uzito, nayo yana sauti ya "ei" kama ya bei yetu, siyo ya risiti. "Friend", rafiki, ana e fupi. "Height", kimo, ina "ai". Hayo yote ni maneno ya kukariri au kuyazoea kwa kusoma, lakini usiyaite ukiukaji wa kanuni isiyoyahusu. Wale wanaopenda kutuma orodha ndefu za maneno kuthibitisha kwamba kanuni hii ni upuuzi mtupu, mara nyingi wamejaza orodha zao kwa maneno ya namna hii, pamoja na wingi wa maneno yenye y mwishoni, kama "policies", sera.

Ukishayaondoa hayo, wanabaki wakosaji wa kweli, na ni wachache. Inafaa tuwatazame mmoja mmoja, kwa sababu kila mmoja ana kisa chake.

"Protein" na "caffeine" ni maneno ya wanasayansi wa karne ya 19. Yalitengenezwa kwa kuunganisha vipande, na mshono ulipita katikati ya e na i. Sikiliza tunavyosema kafeini: e na i tumezitenganisha, kama lilivyoundwa, ingawa Waingereza wameshazibana. Protini tumeichukua baada ya kubanwa. "Seize" ni neno la kisheria lililotoka kwa Wanormandi na "ei" yao, sawa na "receive", ila halikuwa mtoto wa "capere", kwa hiyo halina c ya kujitetea nayo. "Species", aina ya viumbe, ni Kilatini kilichoachwa kama kilivyo. "Either" na "neither" hutegemea nani anasema: wengine husema kwa i ndefu, wengine kwa "ai".

Na "weird"? Huyu ndiye mwenye kisa kitamu kuliko wote. Zamani halikuwa neno la sifa. Lilikuwa jina, "wyrd" kwa Kiingereza cha kale, maana yake majaaliwa, yale aliyoandikiwa mtu. Upande wa kusini mwa Uingereza lilikuwa likififia, lakini Waskoti walibaki nalo, na Waskoti wana desturi yao ya kuandika: i inayofuata irabu nyingine huweza kuwa alama tu ya kuonyesha irabu ile ni ndefu. Kichwa huandikwa "heid". Kwa desturi hiyo hiyo majaaliwa yakaandikwa "weird".

Neno hilo lilirudi kusini kupitia hadithi ya Macbeth, mfalme wa Skoti, na wale dada watatu waliomtabiria ufalme. Wengi wetu tuliisoma tamthilia hiyo shuleni, na wengine waliipata kwa Kiswahili katika tafsiri ya S. S. Mushi, Makbeth, ya mwaka 1968. Dada wale waliitwa dada wa majaaliwa. Katika chapa ya kwanza ya tamthilia hiyo, ya 1623, wachapaji wa London hawakujua walifanyie nini neno hili la Kiskoti. Wameandika "weyward" mahali pengine na "weyard" mahali pengine. Mhariri Lewis Theobald, katika toleo lake la 1733, ndiye aliyerekebisha kuwa "weird". Watu wakaona dada wenyewe ni wa ajabu, na kufikia karne ya 19 neno likawa linamaanisha ajabu. Kwa hiyo watu wanapochekesha kwamba neno la ajabu limeandikwa kwa ajabu, ukweli ni kwamba limefuata sheria barabara, ila ni sheria ya Edinburgh.

Mwaka 1932 Mmarekani mmoja, Leonard Wheat, alifanya kazi ambayo wabishi wengi hawajaifanya: alihesabu. Alichukua maneno 3,876 yaliyokuwa katika vitabu vya tahajia vya shule za msingi. Maneno yenye "ie" au "ei" yalikuwa 128 tu. Kati ya hayo, 83 yalifuata "i kabla ya e", na 12 yalikuwa na sauti kama ya "eight". Kumi na sita yalikuwa na i na e katika silabi tofauti. Yaliyobaki bila kanuni yalikuwa 11. Na yale ya "isipokuwa baada ya c", ambayo ndiyo yanayoimbwa kwa sauti kubwa kuliko yote? Sita.

Waingereza wenyewe ilibidi wafike 2009 ndipo serikali yao iwaambie walimu wa shule za msingi, katika mwongozo wa tahajia, kwamba kanuni hii haistahili kufundishwa. Magazeti yao yalipiga kelele siku kadhaa, kana kwamba bendera imeshushwa. Lakini sababu zilizotolewa ni zile zile ulizokwisha kuziona hapo juu: kwamba inahusu sauti ya i ndefu peke yake, asiyejua hilo ataona ukiukaji kila mahali, na kwamba maneno ya "cei" ni machache mno kiasi kwamba ni rahisi kuyajifunza yenyewe. Mwaka 2013 mtaala mpya wa England ukairudisha kanuni, safari hii pamoja na sharti lake la sauti, na ukataja wakosaji wake kwa majina: "protein", "caffeine", "seize", na "either" na "neither" kwa wale wanaozitamka kwa i ndefu. Yaani baada ya karne na nusu ya kuimba, kile Fowler alichosema 1926 kikafika darasani.

Basi ukiwa umekaa mbele ya barua yako ya maombi na kalamu imesita, fanya hivi. Litamke neno kwanza. Je, unasikia i moja, kama ya risiti na chifu? Kama husikii hivyo, iache kanuni, haikuhusu. Kama unasikia, jiulize neno hilo lina undugu na kushika: kupokea, kudanganya, kuwaza, kutambua na watoto wao watatu? Hao, pamoja na dari, waandike "cei". Waliobaki waandike "ie", ukiwakumbuka wale wakosaji wachache tuliowataja.

Yule kijana aliyeandika "recieve" alifuata nusu ya kwanza ya wimbo, ile ambayo kwa hesabu ya Wheat inaokoa maneno 83. Alikwama kwa mmoja wa wale sita. Bado ni kosa, na gazetini lingesahihishwa. Lakini kosa hilo linamwambia mhariri jambo moja tu, kwamba mwandishi hakuijua safari ya neno moja kutoka Roma kupitia Normandi. Habari za akili yake na makala zake zilikuwa katika mstari wa pili na kuendelea, kwenye ile barua iliyokwenda kapuni.